Madaktari wakubwa wasiposalimiana, anayelala njaa ni mgonjwa

Msomaji, huenda nawe umewahi kulazwa hospitalini ukaambiwa usile chochote tangu usiku wa manane, kwa kuwa asubuhi yake ungefanyiwa upasuaji. Kukapambazuka, ukavalishwa gauni la kijani, ukalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na ilipotimu saa nne unusu akaja muuguzi, macho yakitazama chini, akakuambia kwamba upasuaji umeahirishwa. Ukauliza sababu, usijibiwe sawasawa. Mara nyingi sababu huwa iko mwilini mwako, yaani presha imepanda au damu imepungua. Lakini ziko siku ambazo sababu iko kati ya madaktari wawili ambao hawasalimiani.

Katika mwaka wa 2018 niliombwa kuwapatanisha madaktari wawili wa namna hiyo. Mmoja alikuwa daktari wa upasuaji na mwingine mtaalamu wa nusukaputi, yaani yule anayekulaza usingizi na kuulinda uhai wako wakati mwenzake anakata. Wote wawili walikuwa wamepita umri wa miaka hamsini, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake kazini. Hospitali yao sitaitaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Kabla ya kuandika makala haya niliwaomba ruhusa, nao wakanipa.

Ugomvi ulianza kwa jambo ambalo kila anayefanya kazi thieta analijua. Mpasuaji alikuwa akiwapanga wagonjwa wake wa Jumanne, na mtaalamu wa nusukaputi akifika asubuhi anawakuta hawajawa tayari. Huyu majibu yake ya damu hayajarudi, yule amekunywa chai ya maziwa alfajiri kwa kuwa hakuna aliyemkataza. (Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Yahitaji saa sita kutoka tumboni, hali maji matupu yahitaji saa mbili tu.) Basi alikuwa akiwaahirisha. Mpasuaji naye aliona kwamba anahujumiwa.

Siku moja mzee mwenye ngiri aliahirishwa kwa mara ya tatu, presha yake ikiwa 190 kwa 115. Mpasuaji akamwambia mwenzake mbele ya wauguzi wanne kwamba kazi yake ni kudunga sindano, si kuchagua wagonjwa. Tangu siku ile hawakusemezana kwa muda wa miezi minne. Walikuwa wakisimama pande mbili za mgonjwa mmoja, na kila neno likipitia kwa muuguzi: “Sista, mwambie daktari presha inashuka.” Nawe unajua kwamba presha ikishuka mtu akiwa amepasuliwa tumbo, hakuna wakati wa kutumiana salamu. Muuguzi mkuu wa thieta aliniambia baadaye, “Daktari, hao ndio tembo. Sisi na wagonjwa ndio nyasi.”

Mkuu wa hospitali alikuwa amejaribu. Aliwaita ofisini mara mbili, akauliza nani mwenye makosa, kisha akawaamuru wapeane mikono kama watu wazima. Walipeana mikono. Kesho yake yakarudi yale yale. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba aliketi kama hakimu. Ukiuliza nani mwenye makosa, kila mmoja huenda kutafuta ushahidi, na akishaupata hawezi tena kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa. Mpatanishi hafanyi hivyo. Yeye haamui lolote kuhusu ugomvi wenyewe. Anachokishika ni utaratibu tu: nani aseme lini, kwa muda gani, jambo lipi litangulie, na lini watu wapumzike. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza upatanishi wa namna hii, na tangu 2016 mahakama za Milimani zimekuwa zikiwapeleka baadhi ya wenye kesi kwa wapatanishi. Kazini bado wengi wetu hudhani kupatanisha ni kukemea watu wawili kwa sauti moja.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumhoji mkuu mwenyewe, kwa sababu si kila ugomvi unafaa kupatanishwa. Nilimuuliza kama kuna aliyempiga mwenzake au kumtisha. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuonekana amelewa kazini. Nikamuuliza tena, hili likiwa gumu zaidi kwake, kama ana shaka yoyote kwamba mmoja wao hajui kazi yake. Lau angejibu ndiyo kwa mojawapo, ningeondoka. Mambo hayo yanataka uchunguzi na kamati ya nidhamu, na kuyafunika kwa maneno matamu ya upatanishi ni kumhatarisha mgonjwa wa kesho. Alijibu la kwa yote matatu.

Kisha tukabishana kidogo. Alitaka nimpe ripoti ya yote yatakayosemwa. Nilikataa. Nilimwambia kwamba nitamletea mambo mawili tu, kama wameafikiana au hawakuafikiana, na karatasi ya mapatano ikiwa wote wawili watakubali aione. Ilimchukua siku tatu kukubali. Mkubwa anayelipia upatanishi hudhani amenunua pia siri zake, na mara watu wanapofahamu kwamba maneno yao yatafika ghorofa ya juu, hunyamaza au huanza kuhutubu. Nilibakiza kizuizi kimoja, ambacho niliwaeleza madaktari wote wawili mapema: nikisikia jambo linaloonyesha kwamba mgonjwa yuko hatarini sasa hivi, siri inakoma hapo.

Tena ilinipasa kusema ukweli kunihusu. Zamani nilikuwa nimewahi kupeleka wagonjwa wangu wawili watatu kwa yule mpasuaji. Ni jambo dogo, lakini nililitaja kwa mtaalamu wa nusukaputi kwa simu kabla hatujaonana, nikamuuliza kama bado ananitaka. Alinyamaza kidogo, akasema, “Afadhali umeniambia wewe.” Angeligundua mwenyewe katikati ya mkutano, tungekuwa tumekwisha.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayobeba kazi nzima. Sikuwakutanisha. Nilionana na kila mmoja peke yake, katika juma lile lile, kwa saa moja na nusu kila mmoja, wala sikumwongezea yeyote hata dakika kumi. Usawa wa dakika huonekana kuwa upuuzi mpaka siku mmoja amwulize mwenzake alikaa muda gani.

Katika vikao hivyo nusu saa ya kwanza niliwaacha waseme. Daktari akiwa na hasira hulalamika kama mgonjwa yeyote, anaruka kutoka mwaka huu hadi mwaka ule. Baadaye nilianza kuuliza habari za matukio, si za tabia. Mpasuaji aliposema, “Yule bwana ana kiburi,” nilimuuliza, “Siku gani, na alifanya nini?” Kiburi hakina dawa, lakini Jumanne fulani iliyoharibika yaweza kuchunguzwa. Mwishoni nilimuuliza kila mmoja swali moja: “Ukifika kazini Jumatatu ukakuta mambo yamekaa sawa, utaona nini ambacho leo hukioni?” Mpasuaji alijibu kwamba ataijua orodha yake tangu jana yake, wala hataaibika mbele ya jamaa za mgonjwa. Mwenzake alijibu kwamba hatasukumwa. Alilitamka neno hilo mara tatu, nami nikaliandika pembeni.

Hapo pia nilitazama dalili za hatari. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule anayekubali kila kitu upesi, kuliko anayefoka. Mtu akikuambia, “Mimi sina neno, andika tu unavyotaka,” mara nyingi amekuja kwa kulazimishwa, na mapatano atakayotia sahihi hayatapita juma moja. Wangu walikuwa wakifoka wote wawili, basi nikaona tunaweza kuendelea.

Tulikutana Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha chuo kimoja kilicho mbali na hospitali. Mahali si jambo la kupuuza. Katika ofisi ya mmoja wao, mwingine ni mgeni, na katika ofisi ya mkuu wote ni watuhumiwa. Utakumbuka kwamba katika Februari ya 2008, Kofi Annan alipokuwa akiwapatanisha wakubwa wa nchi yetu, alizitoa timu za mazungumzo hoteli ya Serena jijini Nairobi akazipeleka Kilaguni, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mbali na waandishi wa habari. Sisi hatukuwa na haja ya ndovu dirishani, ila tulihitaji chumba ambacho hakuna muuguzi angepita akachungulia.

Nilikuwa nimechagua meza ya duara, viti vitatu vya aina moja, maji, na chumba cha pili kando. Nilikuwa nimewaomba watenge saa nne na wahakikishe kuna wenzao wa kuwashikia zamu, kwani simu ya wadi ikilia katikati ya jambo gumu, mtu hufurahi kukimbia. Ili kujua nani aanze nilirusha sarafu ya shilingi ishirini mbele yao. Walicheka, kila mmoja upande wake.

Utaratibu niliowapa ulikuwa mfupi. Kila mmoja ana dakika kumi za kusema bila kukatizwa. Akimaliza, mwenzake haruhusiwi kujibu mpaka kwanza arudie alichosikia, na msemaji akubali kwamba ndicho alichosema. Sheria hii ya pili huwaudhi sana watu wenye elimu. Mpasuaji alirudia maneno ya mwenzake kwa kejeli, mwenzake akasema, “Sikusema hivyo,” na ikabidi arudie mara ya pili, kisha ya tatu. Katika ile ya tatu nilisikia sauti yake ikipungua. Huwezi kurudia maneno ya mtu kwa usahihi na wakati uo huo ukawa unatunga jibu lako.

Jambo moja nililoliangalia tangu mwanzo ni viwakilishi vyao. Kwa saa nzima hakuna aliyemwambia mwenziwe “wewe”. Kila mmoja alinitazama mimi na kusema “huyu bwana”. Mpatanishi asiyekuwa macho hapo huanza kujibu, akawa yule muuguzi wa kupitishia ujumbe. Mimi nilitazama meza.

Walipokwisha kusema niliandika ubaoni mambo matatu ya kuzungumzwa. Nilichunga maneno. Sikuandika “dharau ya mpasuaji”, niliandika “namna ya kusemezana mbele ya wafanyakazi”. Sikuandika “uahirishaji wa ovyo”, niliandika “maandalizi ya mgonjwa kabla ya Jumanne” na “nani aamue kuahirisha, na amwambie nani”. Nikawauliza kama kuna lililosahauliwa. Mpasuaji alitaka kuongeza habari ya siku za kutumia thieta, kwamba orodha yake ya Alhamisi ilichukuliwa na idara nyingine. Hilo halikuwa mikononi mwa yeyote kati yao, nikaliandika kando peke yake.

Tulianza na maandalizi kwa kuwa ndilo lililokuwa jepesi. Tulipofika kwenye kuahirisha, moto ukawaka. Mpasuaji alipiga meza na kusema kwamba katika miaka ishirini na mitano hakuwahi kupoteza mgonjwa wa ngiri. Mwenzake akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi. Nikiwa tabibu najua mwili ukiwa katika hali hiyo, moyo ukienda mbio na misuli imekaza, akili haipokei hoja yoyote, na hali hiyo haiondoki kwa kuambiwa “tulia”. Inahitaji robo saa au zaidi. Nilisimamisha kikao kwa dakika ishirini, nikamwomba kila mmoja nafasi ya kuzungumza naye kwenye chumba cha kando.

Mle ndani yule mtaalamu wa nusukaputi aliniambia jambo ambalo hakuwa amenigusia katika kikao cha kwanza. Miaka mingi nyuma, katika hospitali nyingine, alikubali kumlaza usingizi mgonjwa ambaye moyo wake ulimtia shaka, kwa sababu mpasuaji wa huko alimharakisha. Mgonjwa alifariki mezani. Uchunguzi ulipokuja, yule mpasuaji alisema kwamba usingizi haukuwa kazi yake. Akabaki peke yake mbele ya kamati na mbele ya mjane wa marehemu. Alikuwa akisema huku akitazama viatu vyake.

Nilijua sasa maana ya “kusukumwa”. Lakini siri ile haikuwa yangu, wala haikuwa halali kwangu kwenda kuinong’ona upande wa pili hata kwa nia njema. Nilimuuliza maswali mawili. La kwanza, kama mpasuaji anaijua habari hiyo. Akasema hapana. La pili, ni kitu gani angepoteza akiambiwa. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema, “Nitamwambia mwenyewe.”

Kwa mpasuaji nako niliketi dakika zile zile. Yeye alikuwa na lake. Kila mgonjwa aliyeahirishwa, jamaa zake walianza kunong’ona kwamba daktari amezeeka, mikono inatetemeka, ndiyo maana wenzake hawataki kumlazia wagonjwa. Wawili walikuwa wamehamia hospitali nyingine. Hilo hakutaka kulisema mle ndani. Niliheshimu.

Tuliporudi, mtaalamu wa nusukaputi alisimulia habari yake kwa sentensi tano au sita. Chumba kilikuwa kimya. Mpasuaji aliishika chupa yake ya maji akaizungusha, kisha akageuza kiti. Alisema, “Daktari, wewe hukuwahi kuniambia.” Mwenzake akajibu, “Na wewe hukuwahi kuniuliza.” Halikuwa jibu la upole, lakini lilikuwa la kwanza kwa miezi minne lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja. Mimi nilirudisha kiti changu nyuma kidogo. Wakati kama huo mpatanishi akitia neno la busara, anaharibu.

Saa moja iliyofuata walifanya kazi wenyewe. Waliafikiana kwamba orodha ya Jumanne itafika idara ya nusukaputi kabla ya saa sita mchana ya Jumatatu, na kwamba kila mgonjwa ataonwa wadini kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo, ili aliye na tatizo ajulikane kabla hajalala njaa. Kwa upasuaji usio wa dharura, presha ya 180 kwa 110 au zaidi itakuwa sababu ya kuahirisha bila ubishi. Akiahirisha, mtaalamu wa nusukaputi atampigia mpasuaji simu yeye mwenyewe kabla mgonjwa hajaambiwa, na ataandika sababu kwenye faili. Mpasuaji ndiye atakayekwenda kumweleza mgonjwa na jamaa zake. Kifungu hiki cha mwisho alikidai yeye, nami peke yangu ndiye niliyejua kwa nini.

Kabla ya kutia sahihi niliwajaribu. Niliuliza, “Itakuwaje Jumanne hii mgonjwa akiwa na 178 kwa 108?” Wakaandika kwamba apumzike nusu saa apimwe tena, na wote wawili wamwone pamoja. Nikauliza, “Na mmoja wenu akiwa likizoni?” Walitazamana. Hawakuwa wamefikiria, wakaongeza kwamba anayeshika zamu apewe nakala. Niliuliza pia kuhusu wakati wenyewe wa kuwasemesha wagonjwa thieta. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya ukaguzi ambayo watu wote wa thieta huisoma kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Hospitali nane zilitumiwa kuijaribu, na moja ilikuwa Ifakara, kwa majirani zetu Tanzania. Kwao karatasi ilikuwa ikijazwa kimya na muuguzi. Walikubali kuisoma wenyewe kwa sauti, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu, kwa sababu kwa njia hiyo wasingeweza kununiana hata wakitaka.

Palipobaki ni yale maneno ya sindano. Mtaalamu wa nusukaputi alitaka radhi iandikwe. Mpasuaji alikataa katakata kuandika. Nilikuwa nusura niseme kitu, nikajizuia. Baada ya kuzungushana walikubaliana kwamba radhi itasemwa kwa mdomo, mbele ya wauguzi wale wale wanne, kabla ya orodha ya Jumanne kuanza. Sikuamini kwamba itasemwa. Muuguzi mkuu aliniambia kwamba ilisemwa, kwa maneno machache mno, mpasuaji akiwa tayari amevaa kinyago cha uso.

Niliwaona tena baada ya majuma sita, kama tulivyoafikiana. Katika juma la tatu mapatano yalikuwa yamevunjika: mtaalamu wa nusukaputi aliahirisha mgonjwa mmoja bila kupiga simu, akidai mtandao ulikuwa mbovu. Mpasuaji alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha mapumziko, akafunga mlango, wakaongea. Kwangu ile ilikuwa habari njema kuliko majuma matano ya utulivu. Tulipofungua kitabu cha thieta tulikuta wagonjwa bado wanaahirishwa, lakini sasa kila mmoja ana sababu iliyoandikwa, na sababu nyingi zilikuwa majibu ya damu yaliyocheleweshwa na madaktari wanagenzi wa mpasuaji mwenyewe. Alizisoma zote, akakuna kichwa, akasema atazungumza na vijana wake.

Hawali chakula cha mchana pamoja, wala hilo halikuandikwa popote. Lile suala la orodha ya Alhamisi walilipeleka kwa mkuu wa hospitali kwa barua moja yenye sahihi mbili, na nilipoonana nao mara ya mwisho bado walikuwa hawajajibiwa.